Muhuri wa Mwanasheria Unasema Nini, na Unanyamaza Wapi

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama wetu, afisa utumishi katika halmashauri, mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Bariadi.)



Nilipoombwa kuzungumza, niliambiwa nichague jambo la kazini kwangu litakalowafaa vijana. Nimechagua jambo dogo ambalo liko ndani ya karibu kila jalada ninalolifungua, nalo ni ule muhuri wa mwanasheria ugongwao chini ya sahihi. Nimelichagua kwa sababu liliwahi kuigharimu familia yangu, na aliyetoa ushauri mbaya siku hiyo nilikuwa mimi, msomi wa chuo kikuu.

Mtakumbuka kwamba mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na Bariadi ikawa makao yake makuu. Ofisi zikaja, watumishi wakaja, na kila mwenye akiba kidogo akataka kiwanja karibu na mji. Baba yangu mdogo alikuwa mkulima wa pamba na mfugaji. Mwaka 2014 aliuza ng'ombe wanane, akaongeza fedha za pamba, akapata shilingi 4,500,000 za kununulia kiwanja chenye kijumba cha vyumba viwili pembeni mwa mji. Kabla ya kutoa fedha alinipigia simu kuniuliza la kufanya. Nikamjibu kwa haraka, maana nilikuwa kikaoni: "Baba mdogo, nendeni kwa mwanasheria mkaandikishane. Mkipata muhuri wake, umemaliza."

Akafanya hivyo. Yeye na muuzaji walikwenda ofisini kwa wakili, hati ya mauziano ikachapwa, wakasaini wote wawili, mashahidi wakasaini, na wakili akaweka sahihi yake na muhuri. Baba mdogo aliikunja ile karatasi, akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akaificha ndani ya sanduku la nguo.

Haukupita muda mrefu, akaja mama mmoja na watoto watatu. Akasema kiwanja hicho na kijumba hicho ni vya marehemu mume wake, na yule muuzaji ni mdogo wa marehemu, ambaye hakuwahi kuteuliwa na mahakama yoyote kusimamia mirathi. Shauri likaenda kwenye baraza la ardhi. Baba mdogo alikwenda na karatasi yake bila hofu yoyote, kwa kuwa ilikuwa na muhuri.

Wakili naye aliitwa, akaulizwa: Je, muhuri huu ni wako? Akajibu: Ndiyo. Muuzaji alikuja mbele yako? Ndiyo, alikuwa na kitambulisho chake, na alisaini nikimwona. Je, ulijua kwamba kiwanja ni cha marehemu? Akajibu kwamba hakujua, hakuulizwa, na hakuna mahali katika uthibitisho wake aliposema kiwanja ni cha muuzaji.

Nilikuwa nimekaa nyuma nikisikiliza. Nilikasirika sana, nikadhani anajikwepesha. Baadaye nilipoisoma ile karatasi kwa utulivu niligundua kwamba wakili alikuwa amesema kweli tupu. Sisi ndio tuliokuwa hatujaisoma.

Ndugu Mwenyekiti, naomba tuisome pamoja. Chini ya hati ya mauziano, kando ya sahihi ya muuzaji, huwa kuna maneno ya namna hii: "Imesainiwa na kukabidhiwa hapa Bariadi na huyo fulani, ambaye namfahamu mimi mwenyewe, au ambaye ametambulishwa kwangu na fulani ninayemfahamu mimi mwenyewe, mbele yangu, leo tarehe fulani." Kisha hufuata jina la wakili, sahihi yake, anwani, cheo chake cha wakili, mthibitishaji wa hati na kamishna wa viapo, na muhuri.

Hesabuni yaliyomo. La kwanza ni mtu: wakili anasema anamjua aliyesaini, au ametambulishwa kwake na mtu anayemjua. Siku hizi wengi huangalia pia kitambulisho cha taifa au kadi ya mpiga kura. La pili ni tendo: mtu huyo alisaini mbele yangu. Hasemi kwamba aliletewa karatasi iliyokwisha kusainiwa. La tatu ni mahali, na la nne ni tarehe. Mambo ni hayo manne tu. Someni hata mara kumi, hamtakuta sentensi isemayo kiwanja ni cha muuzaji, wala kwamba fedha zimelipwa, wala kwamba muuzaji hana mke au ndugu mwenye haki. Hayo yameandikwa juu, kwenye maneno ya wauzianao wenyewe. Wakili amethibitisha kwamba wao ndio waliosema. Hakuthibitisha kwamba waliyosema ni kweli.

Hati ya kiapo nayo ni vivyo hivyo, ingawa ina nyongeza moja. Hapo wakili anakuwa kamishna wa viapo, na kazi yake ni kumwapisha mtu kwanza, ndipo mtu huyo asaini. Kwa hiyo uthibitisho wake unasema: mtu huyu aliapa mbele yangu, mahali hapa, tarehe hii. Faida ya kiapo ni kwamba kinamfunga msemaji kwa maneno yake. Akisema uongo kwa makusudi, amejitia kwenye kosa la jinai. Lakini uongo ulioapiwa unabaki kuwa uongo. Mahakama yetu ya Rufani ililisema jambo hili katika shauri la Ignazio Messina dhidi ya Willow Investments la mwaka 2001, kwamba hati ya kiapo iliyochafuliwa na uongo haifai kutegemewa hata kidogo. Hati ile ilikuwa imeapwa mbele ya kamishna kama nyingine zote, na kuapwa kwake hakukuiokoa.

Sasa mtaniuliza: kama muhuri unasema machache hivyo, una faida gani? Una faida kubwa, ila ni kwa jambo lake. Baba mdogo alipomdai muuzaji fedha zake, yule bwana alitaka kukana. Akasema hakusaini, na kwamba hakumjua baba mdogo. Hapo ndipo muhuri ulipofanya kazi yake. Wakili alimtazama usoni akasema, huyu ndiye aliyesaini mbele yangu. Ubishi ukaisha hapo hapo. Baraza likaamuru arudishe fedha, na kiwanja kikarudi kwa mjane na watoto wake, ambako ndiko kulikostahili. Bahati mbaya mtu alikuwa amekwisha zitumia fedha, na muda si muda akahama mkoa. Baba mdogo amebaki na hukumu mkononi. Mpaka leo amepata sehemu ndogo tu ya fedha zake.

Kumbe basi tungefanya nini? Jibu ni kwamba kila jambo ambalo muhuri haulisemi lina mahali pake pa kuulizia, na mahali hapo ni penye kumbukumbu zinazohusika. Kiwanja kilichopimwa na kusajiliwa, mwenyewe yuko katika daftari la Msajili wa Hati, na unaweza kuomba upekuzi rasmi kwa kulipa ada, ukajua ni cha nani na kama kimewekwa rehani benki. Kiwanja kilichopimwa lakini bado hakina hati, jalada lake liko idara ya ardhi ya halmashauri, pamoja na barua ya toleo na ramani. Ardhi ya kijiji iko chini ya halmashauri ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na bila halmashauri hiyo kuridhia, haki ya kimila haihami kwa karatasi ya watu wawili. Tena kwa ardhi iliyosajiliwa, hata hati ya mauziano iliyo safi kabisa haihamishi umiliki mpaka uhamisho wenyewe usajiliwe. Ukiishia kwenye muhuri umeishia njiani.

Kwa kiwanja chetu, maswali mawili yangetosha. La kwanza lingeulizwa kwa majirani na serikali ya mtaa: kijumba hiki kilijengwa na nani? Kila jirani alijua kwamba aliyekijenga amekwisha zikwa. La pili lingeulizwa kwa muuzaji mwenyewe: kama ni mali ya marehemu, iko wapi barua ya mahakama ya kukuteua kuwa msimamizi wa mirathi? Asiyekuwa nayo hana la kuuza, hata awe ndugu wa tumbo moja. Na kama muuzaji ni mwenye nyumba aliye hai na ana mke, kuna swali la tatu, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mwenzi mmoja kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenziwe. Wakili mwangalifu huwa anayauliza haya yote, na ukimwajiri akufanyie kazi hiyo atakwenda mpaka kwenye madaftari. Lakini hiyo ni kazi nyingine, yenye malipo yake. Ukimwendea akugongee muhuri tu, umenunua muhuri tu.

Ndugu zangu, nawageukia vijana, kwa sababu nanyi mtaukuta muhuri huu mapema kuliko mnavyodhani. Mkimaliza kidato cha nne mtatakiwa kupeleka nakala za vyeti, na mtaambiwa nakala hizo ziwe na muhuri wa mwanasheria. Hapo wakili anafanya kitu kimoja. Anashika cheti chako halisi kwa mkono huu na nakala kwa mkono huu, anavilinganisha, kisha anaandika kwamba hii ni nakala halisi ya kile alichokiona. Hana daftari la Baraza la Mitihani mezani pake. Kama ulichomletea kimechapwa kwa ustadi na mwizi wa mjini, atathibitisha kwa haki kabisa kwamba nakala yako inafanana na kazi ya mwizi.

Mambo haya tuliyaona mwaka 2017. Serikali ilihakiki vyeti vya watumishi wa umma, na mwezi Aprili mwaka huo ikatangaza kwamba watumishi 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi. Mimi nilikuwa mmoja wa wale waliokesha na majalada. Waliogundulika hawakugundulika kwa kuangalia mihuri. Majina na namba za mitihani yalipelekwa kwa Baraza la Mitihani, likalinganisha na kumbukumbu zake, na jibu likatoka huko. Tangu wakati huo, nikiona nakala yenye muhuri mzuri, najua kwamba nimeambiwa inafanana na karatasi fulani. Kama karatasi hiyo ni ya kweli, nitalijua jambo hilo kwa yule aliyeitoa.

Ndugu Mwenyekiti, mpaka hapa nimesema juu ya muhuri uliogongwa kwa uaminifu. Liko tatizo la pili, nalo linatokea tunapomwomba wakili aseme jambo ambalo hakuliona. Wengi wetu tumefanya. Unasaini karatasi nyumbani, unampa kijana wa pikipiki aipeleke mjini, karani anaiingiza ndani na nyingine kumi, na jioni inarudi ina muhuri. Unafurahi kwamba umeokoa nauli kutoka Dutwa au Nkololo. Lakini soma tena yale maneno: "mbele yangu." Hayo sasa ni uongo, na umewekwa chini ya sahihi yako wewe. Siku mtu akikana sahihi, wakili ataulizwa alivyoonekana aliyesaini, alikuja na nani, na saa ngapi. Hana la kujibu. Lile jambo moja ambalo muhuri ungeliweza kukulinda nalo, umeliharibu kwa nauli ya pikipiki.

Dalili zake huonekana kwa macho. Tazama kama mahali na tarehe vimejazwa. Sheria ya Wathibitishaji wa Hati na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, katika kifungu cha 8 inamtaka kamishna ataje kwa ukweli mahali na tarehe ya kiapo. Mahakama ya Rufani, katika shauri la D.P. Shapriya na Bish International la mwaka 2002, ilisema kwamba kutaja mahali ni sharti la lazima. Tazama pia kama maneno "namfahamu" na "ametambulishwa kwangu" yameachwa yote mawili bila moja kukatwa. Hiyo ni ishara kwamba hakuna aliyejiuliza huyu ni nani. Tazama kama tarehe ya muhuri inapishana na ile ya sahihi. Na kama anayeapa ni mzee asiyejua kusoma, tafuta dole gumba pamoja na maneno yasemayo kwamba alisomewa na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa. Huku kwetu wako wazee wanaojua Kisukuma tu. Bibi wa Itilima aliyeweka dole kwenye kurasa tatu za Kiingereza, bila neno hata moja la tafsiri, ameshuhudia nini?

Mwisho wa dalili ni muhuri wenyewe. Mihuri huchongwa na mtu yeyote mwenye mashine ndogo, na vishoka wanayo. Wakili wa kweli lazima awe ameandikishwa na Mahakama, na awe na leseni ya mwaka huo. Mahakama ina orodha yake ya mawakili kwenye mtandao, iitwayo e-Wakili, ambako unaweza kutafuta jina. Kama jina lililo kwenye muhuri halimo, usiendelee kusoma karatasi hiyo.

Ndugu Mwenyekiti, sikuja kuwasema mawakili. Yule wa kesi yetu alifanya kazi yake sawasawa, na alisimama barazani akasema kweli iliyomsaidia baba mdogo kuliko mimi nilivyomsaidia. Kosa lilikuwa langu. Niliulizwa swali la kiwanja, nikatoa jibu la sahihi. Nilipokwenda kumwomba radhi, baba mdogo aliitoa ile karatasi sandukuni akanikabidhi, akasema, "Chukua, mwanangu. Wewe unajua kusoma." Ninayo mpaka leo, iko katika droo ya meza yangu kazini. Kila mwananchi akiniuliza kama karatasi yake "ina nguvu", naitoa kwanza na kumwonyesha yale maneno ya chini, kisha namuuliza yeye anachotaka kukijua ni kipi kati ya hayo manne. Mara nyingi hakimo.



MASWALI

Baada ya mazungumzo, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliuliza: Jina langu shuleni limeandikwa tofauti na kwenye cheti cha kuzaliwa. Baba amesema tutakwenda kwa mwanasheria kuapa, yaishe. Je, yataisha?

Mzungumzaji alijibu: Kiapo hicho kitasema kwamba wewe, au baba yako, mmeapa kuwa majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Ofisi itakayokipokea ndiyo itakayoamua kama inaridhika, na ofisi moja inaweza kuridhika na nyingine isiridhike. Ikiwa unabadilisha jina kabisa, iko hati ya kubadili jina, nayo husajiliwa kwa Msajili. Lakini wewe una bahati, maana hujafanya mtihani. Nenda kwa mwalimu wako wa taaluma ukiwa na cheti cha kuzaliwa, jina lirekebishwe kabla halijapelekwa Baraza la Mitihani. Baada ya cheti kutoka utakuwa unaeleza jambo hilo kila ofisi utakayoingia.

Mzee mmoja wa miaka ya awali ya shule aliuliza: Kama nimekwisha nunua, na karatasi yangu ni ya muhuri tu, nifanye nini?

Alijibiwa: Usiitupe, mzee wangu. Karatasi hiyo inathibitisha nani alisaini na lini, na hilo utalihitaji. Lakini kesho asubuhi nenda idara ya ardhi na namba ya kiwanja, au kwa halmashauri ya kijiji kama ni shamba, ukaulize daftari lao linamtaja nani. Nenda muuzaji angali hai na angali anapatikana.